Kuandika shaka ya mteremko kutoka LINEST

Tuseme umepima pendulamu, ukaweka urefu wa uzi kwa mita katika A2:A9 na mraba wa muda wa mzunguko mmoja katika B2:B9. Andika fomula hii, ukianza na data za mhimili wa wima:

```
=LINEST(B2:B9,A2:A9,TRUE,TRUE)
```

Safu ya kwanza ya majibu ina mteremko, kisha thamani ya mahali mstari unapokata mhimili wa wima. Safu ya pili, chini ya kila kimoja, ina kosa sanifu lake. Neno TRUE la mwisho likikosekana, safu hiyo ya pili haitokei.

Tuseme umepata mteremko 4.0472 na chini yake 0.0386, kisha 0.0127 na chini yake 0.0231. Anza na shaka: ikadirie hadi tarakimu moja muhimu, yaani 0.04, ndipo ukadirie mteremko hadi nafasi ileile ya desimali, uandike (4.05 ± 0.04) s²/m. Vivyo hivyo, thamani ya pili ni (0.01 ± 0.02) s², ambayo inakubaliana na sifuri kama nadharia inavyotaka. Shaka ikianza na 1, ni busara kubakiza tarakimu mbili, kwa kuwa kukadiria 0.014 kuwa 0.01 kunaondoa zaidi ya robo yake.

Unapokokotoa g kwa 4π² ÷ mteremko, tumia seli yenyewe, si 4.05 iliyokwisha kukadiriwa. Kumbuka pia kwamba LINEST hupima mtawanyiko wa nukta pekee. Rula yenye kasoro haiioni.