Barua ya mweka hazina: tuandike michango kwa mpangilio mmoja kwenye kundi

Ndugu wanakikundi,

Kuanzia wiki ya 22 ya mzunguko huu, naomba kila anayetuma fedha aandike mstari mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa mpangilio nitakaoueleza hapa, na auandike mara tu muamala unapokamilika. Ile orodha ya kukopi na kuongeza jina tuiache.

Sababu ya kuiacha ni hii. M05 akikopi orodha saa 2:10 usiku, na M17 akakopi ileile dakika moja baadaye kabla M05 hajairudisha, kila mmoja ataongeza jina lake tu. Itakayoendelea ni orodha ya aliyerusha mwisho, na mwenzake ametoweka bila mtu yeyote kumfuta. Jumamosi kwenye kikao anaambiwa hajachangia, naye anakumbuka wazi kwamba jina lake lilikuwapo. Wote wawili wanasema kweli. Mstari wa peke yako hauwezi kufutwa na mstari wa mwenzako.

Mpangilio wenyewe ni huu:

```
MCHANGO M14 W22 HISA 15000 JAMII 1000 REJESHO 55000 FAINI 500 KUTOA 2000 JUMLA 73500 KUMB ABC1D2E3F4
```

Hatua ya kwanza: namba yako na wiki. M14 ni namba iliyo kwenye jalada la kitabu chako cha hisa. Tunatumia namba kwa sababu majina yanafanana, na jina ulilojiwekea WhatsApp huenda lisiwe lile lililo daftarini. W22 ni wiki ya mzunguko wetu, wala si tarehe ya kalenda. Iandikwe kwa tarakimu mbili na iungane na herufi: W02, siyo W 2. Hapo mtu yeyote akitafuta W22 ndani ya kundi anaona michango ya wiki hiyo. Ukiandika "wiki hii" au "ya jana", utafutaji hauna cha kushika.

Hatua ya pili: gawa fedha zako mwenyewe. Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hisa yetu moja ni shilingi 5,000, na mtu hununua hisa 1 hadi 5 kwa wiki. Mfuko wa jamii ni 1,000. Rejesho ni la mwenye mkopo, na faini ni ya aliyetozwa kwenye kikao. Fedha hizi zikishaingia kwenye simu ya kikundi zinakuwa rundo moja, lakini daftarini kila fungu lina njia yake. Hisa hukurudia siku ya mgawo pamoja na faida. Mfuko wa jamii haurudi kwako, unangoja msiba au ugonjwa. Rejesho linapunguza deni. Faini inaingia kwenye mapato ya kikundi.

Ukituma 73,500 bila maelezo, mimi nabaki kukisia. Nikiiweka 15,000 ya hisa ndani ya rejesho, deni lako litaonekana dogo kuliko lilivyo na hisa zako tatu hazitapigwa muhuri.

Tazameni inavyokuwa siku ya mgawo. Tuseme mfuko una shilingi 12,600,000 na hisa zote ni 2,000. Kila hisa itapata 6,300. Sasa tuseme hisa 20 za mwanakikundi mmoja hazikuandikwa, ingawa fedha zake zimo. Tutagawa 12,600,000 kwa hisa 1,980, na kila hisa itapata takriban 6,364. Mwenye hisa 20 amekosa shilingi 126,000, na fedha hizo zimesambaa kwa wengine, sitini na kitu kwa kila hisa. Hakuna aliyeiba, na kwa kuwa kila mmoja kaongezewa kidogo tu, hakuna atakayeshtuka.

Fungu ambalo hulilipi liandikie 0. Usiliruke. Ukiliruka siwezi kujua kama hukulipa au umesahau kuandika.

Hatua ya tatu: tenga ya kutolea. Wengi wenu mnatuma "na ya kutolea", na ni jambo jema, kwa sababu bila hivyo makato ya wakala yanakula mfuko. Lakini fedha hiyo siyo hisa. Iandike kwenye KUTOA. Katika mfano wa M14 nimeweka 2,000. Kiasi halisi kinategemea mtandao na fedha unayotuma, hivyo angalieni viwango kwenye simu zenu kabla ya kutuma. JUMLA lazima ilingane na kiasi ulichotuma kama kilivyo kwenye meseji ya muamala. Tujumlishe mfano wetu: 15,000 na 1,000 ni 16,000, ongeza 55,000 inakuwa 71,000, ongeza faini 500 ni 71,500, ongeza 2,000 ya kutolea ni 73,500. Ikikataa kulingana, usirushe mstari. Tafuta kwanza kosa liko fungu gani.

Hatua ya nne: kumbukumbu namba ya muamala. Ikopi kutoka kwenye meseji, usiichape kwa mkono. Sifuri na herufi O zinafanana, vilevile 1 na I, na kosa la alama moja linatosha kufanya muamala usionekane. Ukishapesti meseji nzima, futa kila kitu isipokuwa hiyo namba. Skrinishoti zisitumwe kwenye kundi, maana meseji ya muamala huonyesha salio lako lililobaki, na hilo si la kikundi.

Kuhusu alama. Andika 15000, bila mkato, bila "elfu", bila "k", bila /=. Usitenganishe mafungu kwa nyota, kwa sababu WhatsApp hugeuza maneno yaliyo kati ya nyota mbili kuwa herufi nzito na nyota zenyewe hazionekani tena. Nafasi tupu inatosha. Na vyote vikae kwenye mstari mmoja, usibonyeze kitufe cha kushuka chini. Mwisho wa mwezi nahamisha mazungumzo ya kundi kuwa faili ili katibu ayalinganishe na daftari. Ujumbe uliokatwa vipande, sehemu ya kwanza tu ndiyo hutoka na tarehe na jina la mtumaji.

Ukishatuma, subiri nikujibu IMEPOKELEWA juu ya mstari wako. Nitajibu baada ya kuona fedha kwenye simu ya kikundi, siyo baada ya kusoma ulichoandika. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa 12 jioni. Jumamosi katibu atasoma mistari yote kwa sauti, ndipo tutaandika daftarini na kupiga mihuri kwenye vitabu. Kitabu chako na daftari ndivyo ushahidi wa kikundi. Kundi la WhatsApp linatusaidia kufika hapo bila kukisia.

Wenu,
Mweka hazina

Maswali ya wanakikundi

M09: Mweka hazina, nimekosea fungu na tayari umeshanijibu. Nifute nirushe upya?
Usifute, dada, wala usihariri. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini nikishajibu IMEPOKELEWA, jibu langu litakuwa limekaa juu ya maneno mengine. Rusha mstari mpya ulio kamili, badala ya MCHANGO anza na SAHIHISHO, na KUMB iwe ileile. Nikikuta KUMB moja kwenye mistari miwili, wa pili ukiwa SAHIHISHO, nahesabu wa pili peke yake.

M21: Mimi hukopi mstari wangu wa wiki iliyopita nikabadilisha tarakimu. Kuna ubaya?
Hakuna, ni njia rahisi. Ila badilisha vitu viwili kabla ya vingine: W na KUMB. Kinachosahaulika mara nyingi ni KUMB. Nikiona kumbukumbu iliyokwisha kutumika wiki ya nyuma, sitajibu IMEPOKELEWA hadi uniletee sahihi, hata kama fedha nimeziona.

M03: Simu yangu ni kitochi, mwanangu. Kundi silioni.
Mama, nitumie mstari huohuo kwa meseji ya kawaida. Katibu ataupandisha kwenye kundi kama ulivyo, na namba yako M03 itaonyesha ni wako. Nami nitakujibu kwa meseji. Kama kuandika ni tabu, mwambie unayemwamini akuandikie, lakini mafungu uyataje wewe.

M16: Natuma kwa simu ya mume wangu, na mke mwenzangu M18 huchangia kwenye muamala huohuo. Tunaandikaje?
Andikeni mistari miwili, mmoja wa M16 na mwingine wa M18, yote ikiwa na KUMB moja. Kila mmoja aandike JUMLA ya mafungu yake. Jumla zenu mbili zikijumlishwa ziwe sawa na muamala. Ya kutolea iandikwe kwa mmoja wenu tu, la sivyo hesabu itazidi. Kwa kuwa jina litakalokuja kwangu si lenu, malizieni mstari kwa neno KWA na jina la mwenye simu.

M11: Rejesho langu kila mtu ataliona. Je, deni langu litabaki kuwa siri?
Kaka, ndani ya kikundi marejesho husomwa kwa sauti kila Jumamosi, hivyo mstari hauwaongezei wenzako wasilolijua. Usiandike deni lililobaki wala riba. Hayo nitayatenganisha mimi kwenye daftari la mikopo. Kinachotakiwa ni mistari hii isirushwe nje ya kundi, na mtu akihama kikundi mwenyekiti amtoe kwenye kundi siku hiyohiyo.

M07: Nikilipa taslimu kwenye kikao?
Andika KUMB TASLIMU, na KUTOA iwe 0. Fedha ihesabiwe mbele ya wote na iingie kwenye sanduku kabla ya kufuli tatu kufungwa. Taslimu ya kunipa njiani au dukani siipokei, kwa sababu haina kumbukumbu ya mtandao wala shahidi.

M13: Na mtu akichapa meseji ya uongo yenye KUMB?
Haitafika mbali. Nalinganisha vitu vitatu kwenye meseji niliyoipata mimi kutoka kwa mtandao: kumbukumbu, kiasi na jina la mtumaji, kisha naangalia kama salio la simu ya kikundi limepanda. Kikikosekana kimoja, mstari unabaki bila jibu. Kwa hiyo ukiona mstari wako umekaa zaidi ya siku moja bila IMEPOKELEWA, nipigie kabla ya Ijumaa jioni, kwa maana huenda fedha imeenda namba nyingine.

M20: Jumbe za kundi zinajifuta zenyewe kwenye simu yangu.
Basi kuna aliyewasha ujumbe wa kutoweka, ambao hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 kulingana na ulivyowekwa. Katibu atauzima leo kwenye taarifa za kundi na kuacha wasimamizi peke yao ndio wenye ruhusa ya kubadilisha mipangilio. Jumbe zilizokwisha kufutika hazitarudi, kwa hiyo M20 njoo Jumamosi na kitabu chako, tulinganishe wiki zako na daftari moja baada ya nyingine.