Somo: Kanda A, B na C za Berlin, na namna ya kufika Potsdam kwa tiketi moja

Ndugu zangu, swali la "ninunue tiketi gani kwenda Potsdam" nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandika mara moja, kwa kirefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Nitatumia safari yangu mwenyewe ninayoijua vizuri: kutoka Hermannplatz hadi Babelsberg, kitongoji cha Potsdam anakoishi shangazi yangu.

Hatua ya kwanza. Ijue ramani ya kanda za nauli. Kanda A ni eneo lililo ndani ya reli ya mzunguko, pamoja na stesheni za reli hiyo yenyewe. Kanda B inaanzia nje ya mzunguko huo hadi mpaka wa jiji. Kanda C ni viunga vilivyo nje ya jiji, ikiwemo Potsdam, Oranienburg na uwanja wa ndege wa BER.

Hatua ya pili. Tafuta stesheni unayopandia, ile unayoshukia, na kanda zote utakazopita katikati. Hermannplatz iko A na Babelsberg iko C, na huwezi kutoka A hadi C bila kupita B, kwa hiyo tiketi ninayohitaji ni ABC.

Hatua ya tatu. Nunua tiketi moja inayobeba kanda zote hizo, kabla ya kupanda.

Hapo naomba tusimame, kwa sababu ndipo nilipoharibu mimi. Nilipokuwa mgeni nilinunua tiketi ya AB, kwa kuwa mwenyeji wangu alikuwa ameniambia kwamba AB inatosha "mjini". Treni ya S7 ni ya mjini, nami nikaamini kwamba tiketi ya mjini itanifikisha popote treni ya mjini inapofika. Nikiwa ndani ya treni nikaiona ramani juu ya mlango na kugundua kwamba Babelsberg iko C. Sikuogopa, kwani mfukoni nilikuwa na tiketi ya pili ya AB niliyoinunua kwa ajili ya kurudi, nikajiambia kwamba mbili zikijumlishwa zitatosha. Tulipoondoka Wannsee wakasimama watu wawili waliovaa nguo za kawaida kabisa, mmoja na mkoba wa mgongoni kama mwanafunzi, wakatoa vitambulisho vyao. Nikampa mmoja wao tiketi zote mbili. Alizitazama, akanionyesha kwa kidole herufi A na B kwenye ya kwanza, kisha A na B kwenye ya pili, akaniuliza C iko wapi. Faini ni euro 60, nami nikailipa.

Kosa langu lilitoka nyumbani. Kwenye daladala ukipitiliza kituo ulicholipia, konda anakwambia uongeze, unaongeza, safari inaendelea. Huku hakuna konda wala geti, na usitegemee treni ikuambie inapovuka kutoka kanda moja hadi nyingine. Wannsee ni stesheni ya mwisho ya kanda B upande huo, na inayofuata, Griebnitzsee, tayari ni C, ingawa kiti ni kilekile na treni ni ileile. Basi yashikeni haya: jina la njia ya treni halikuambii kanda, tiketi mbili za AB haziwi ABC hata kidogo, na anayekutwa hana tiketi ya kanda aliyomo hahesabiwi amekosea kidogo, anahesabiwa hana tiketi. Kwa bei za mwaka 2025, AB ilikuwa euro 3.80 na ABC euro 4.70. Tofauti ilikuwa senti 90, ilhali tiketi mbili za AB zilikuwa euro 7.60. Nililipa zaidi ya bei ya tiketi sahihi na bado nikapigwa faini.

Kwenye mashine chagua `Einzelfahrausweis`, kisha `Berlin ABC`. Usibonyeze AB kwa sababu tu imetangulia kwenye kioo.

Hatua ya nne. Gonga tiketi ya karatasi kwenye kisanduku kilichopo stesheni, kabla ya kupanda, mara moja tu. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi.

Hatua ya tano. Panda. Tiketi inadumu dakika 120 tangu ilipogongwa, ukielekea upande mmoja, na unaruhusiwa kubadilisha treni, basi na tramu. Nikigonga Hermannplatz saa 10:05 kwa saa ya Kizungu, napanda U8 hadi Alexanderplatz, nahamia S7, na baada ya muda wa kama saa moja nimefika Babelsberg. Muda unaobaki hadi 12:05 naweza kuutumia kwa tramu ya Potsdam kuendelea mbele, kwa tiketi ileile, bila kulipa tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpitanjia: Kwa hiyo Potsdam ni bei gani?

Mwandishi: Imeandikwa hapo juu, chini kidogo ya faini yangu.

Dada wa Zehlendorf: Asante kwa somo, kaka. Mimi nakaa Zehlendorf na nafanya kazi karibu na stesheni kuu ya Potsdam siku mbili kwa wiki. Nimekuwa nikinunua ABC, lakini nikisoma hatua yako ya pili najiuliza kama kweli mimi naingia kanda A.

Mwandishi: Huingii, dada, na nimefurahi umeuliza hivyo. Zehlendorf iko B. Unapanda S1 hadi Wannsee, ambayo bado ni B, unahamia S7, na kuanzia Griebnitzsee uko C. Hakuna mahali unapogusa A, kwa hiyo inakutosha tiketi ya BC, ambayo mashine inaiuza na bei yake iko chini ya ABC. Ila angalia siku njia hiyo inapofungwa kwa matengenezo na unalazimika kuzungukia mjini. Ukipita hata stesheni moja ya reli ya mzunguko, mfano Westkreuz, umeingia A na BC haikulindi tena. Kinachohesabiwa ni njia unayopita, wala si mwanzo na mwisho peke yake.

Mzoefu: Mnatishana bure. Mimi naenda Potsdam na AB mwaka wa pili huu, sijawahi kuguswa.

Mwandishi: Mzee, sikuandika somo la namna ya kubahatisha. Mimi nami sikuwahi kuguswa hadi siku nilipoguswa. Kwa euro 60 ungelipa ile tofauti ya senti 90 ya mwaka 2025 kwa safari zaidi ya sitini. Piga hesabu mwenyewe.

Mama Wawili: Shikamooni wakubwa. Mama yangu anakuja kutoka Mombasa na nitampokea BER nikiwa na watoto, mmoja ana miaka minne na mwingine tisa. Tunakaa Rudow. Nina tiketi ya mwezi ya AB. Je, ninunue ABC nne?

Mwandishi: Marahaba, mama. Hapana, usinunue nne. Wa miaka minne hasafirishwi kwa tiketi, kwani walio chini ya miaka sita husafiri bure. Wa miaka tisa anakata tiketi ya nauli pungufu, inayohusu miaka 6 hadi 14. Wewe mwenye tiketi ya mwezi ya AB unanunua nyongeza ya kanda C tu, inayoitwa `Anschlussfahrausweis`, kwa sababu A na B umeshazilipia. Na kwa kuwa mnakaa Rudow, basi la X7 linatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi stesheni ya Rudow, ambayo iko B. Bibi akipanda hilo anahitaji BC, na mtoto BC ya nauli pungufu. Siku atakapotaka kupelekwa mjini moja kwa moja kutoka uwanjani, hapo ndipo ABC itahitajika. Msalimie akifika.

Mama Wawili: Kumbe! Nilikuwa nanunua ABC nzima kila nikienda kupokea mtu, na tiketi ya mwezi imelala kwenye pochi.

Mwandishi: Wengi wanafanya hivyo. Kumbuka tu kununua nyongeza kabla ya kupanda, na tiketi ya mwezi uwe nayo mkononi, kwani nyongeza peke yake haisimami.

Haraka_Haraka: Sijasoma yote, niko kwenye treni. Tiketi moja inakwenda na kurudi, sivyo?

Mwandishi: Sivyo. Hatua ya tano: upande mmoja. Hata kama dakika 120 hazijaisha, kurudi ulikotoka ni safari mpya.

Msomaji Mtulivu: Naomba kuelewa jambo moja. Kwa nini kanda B iishie Wannsee hasa, na si mahali pengine? Mbele na nyuma ni msitu na ziwa tu.

Mwandishi: Swali zuri. Kanda hizi zinafuata mistari iliyokuwepo kabla yake. A inafuata reli ya mzunguko, na B inafuata mpaka wa jiji la Berlin, ambalo ni jimbo linalojitegemea. Baada ya Wannsee unavuka kuingia jimbo la Brandenburg. Mpaka huo una historia nzito, kwani Ujerumani ilipokuwa imegawanyika Wannsee ilikuwa Berlin Magharibi na Griebnitzsee ilikuwa Ujerumani Mashariki, penye kituo cha ukaguzi wa treni. Leo treni inavuka hapo bila msoma gazeti hata kuinua kichwa, na kilichobaki cha kukaguliwa ni tiketi.

Msomaji Mtulivu: Basi sitausahau tena. Na kama siku hiyo nina mizunguko mingi, niende na kurudi kisha nitoke tena jioni?

Mwandishi: Kwa bei za mwaka 2025, kwenda na kurudi tu, tiketi mbili za ABC zilikuwa euro 9.40, na hiyo ilikuwa nafuu kuliko tiketi ya saa 24. Ukifika safari ya tatu zilikuwa euro 14.10, na hapo linganisha na bei ya saa 24 ya ABC kwenye mashine kabla hujaanza siku, kwa sababu ulizokwisha kulipa hazikatwi baadaye. Anayekwenda kila wiki afikirie `Deutschlandticket`, iliyokuwa euro 58 kwa mwezi mwaka 2025. Hiyo inafunika kanda zote na treni za mikoa nchi nzima, lakini haifai kwenye treni za mwendo kasi za ICE.

Kijana wa Moabit: Tukizungumzia treni za mikoa, ABC inaruhusu kupanda RE1? Nimeona inafika Potsdam haraka kuliko S7.

Mwandishi: Inaruhusu, na ni haraka kweli kwa kuwa inaruka vituo vingi. Inaruka pia Babelsberg, kwa hiyo ukienda kwa shangazi yangu utapitilizwa hadi stesheni kuu na kurudi kituo kimoja nyuma kwa S7.

Kijana wa Moabit: Na baiskeli?

Mwandishi: Baiskeli inakata tiketi yake, nayo ina kanda zake vilevile. Baiskeli yenye AB ndani ya kanda C haina tiketi.