Jinsi ya kujua bidhaa ipi ni ya kawaida na ipi ni duni kwa kutumia daftari la nyumbani

Mwezi uliopita nilikaa na binti wa dada yangu jioni 3 mfululizo, yuko chuo hapa Dodoma na alipewa kazi ya kuonyesha kipato kikipanda kaya inabadilishaje manunuzi. Bahati nzuri mama yake huko Nkuhungu anaandika kila anachonunua kwenye kaunta buku, miaka sasa. Naandika tulivyofanya maana najua wengi mnakwama palepale tulipokwama sisi.

Kwanza maana, kwa kifupi. Kipato kikipanda na mtu akanunua zaidi, hiyo ni bidhaa ya kawaida. Kipato kikipanda akanunua pungufu, hiyo ni bidhaa duni. Neno duni linawapoteza watu sana, wanadhani ni kitu kibovu au cha maskini. Hapana, tunaangalia mnunuzi anafanya nini, ubora wa kitu hauhusiki. Dona lina virutubisho kuliko sembe na bado linaweza kuwa duni, na mlenda hapa kwa Wagogo unaliwa na mwenye gari na asiye nalo, ukisema ni duni kwa sababu ni bei chee umekosea.

Hatua ya 1: Pata daftari
La karatasi. App za simu sizipendi kwa kazi hii, zinaandika hela tu "chakula 15,000" basi, wakati wewe unataka kilo. Bila kilo huwezi kuendelea.

Hatua ya 2: Chagua miezi miwili ya kulinganisha
Hapa ndipo tulipopoteza jioni 2 nzima kwa hiyo soma taratibu.

Shemeji ni fundi ujenzi, Aprili mwaka jana alipata kazi ya usimamizi kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali na kipato kikapanda. Binti akachukua Februari ya mwaka jana, kabla ya kupanda, akalinganisha na Julai. Dona Februari kilo 36, Julai kilo 6. Akanirukia, "Mjomba umeona! Dona ni duni kabisa, imeporomoka!" Na mimi nikakubali, tukapiga hesabu, tukaandika ukurasa mzima.

Kesho yake namuuliza dada, hivi Julai mlikuwa mnakula nini? Akanishangaa, "Si ugali kama siku zote, bibi alituletea gunia la mahindi na la uwele kutoka Kongwa." Kumbe! Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba inaisha Aprili hivi, kwa hiyo kufika Julai watu wameshavuna na magunia yanashuka mjini kutoka kwa ndugu. Haitoki senti, daftari halioni kitu, na ugali unapikwa kama kawaida. Februari ndiyo kinyume chake, magunia yameisha, kila mtu ananunua dukani. Kwa hiyo ile "kuporomoka" ilikuwa mavuno na haihusiani kabisa na mshahara wa shemeji.

Dawa yake: linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, Februari kwa Februari, halafu muulize mama mwenye jiko kama kuna chakula kilichoingia bila kununuliwa, kiongeze kwenye kilo. Tena muulize yeye, usimuulize baba. Na kama kwenye daftari bidhaa imeshuka zaidi ya nusu kwa mpigo, hasa chakula kikuu, shtuka kwanza, watu hawaachi ugali kwa kasi hiyo.

Tukarudi tukachukua Februari ya mwaka huu. Dona kilo 24. Afadhali, ila bado kuna kitu, kijana mkubwa ameenda bweni Januari, walaji walikuwa 6 sasa ni 5. Ukiacha hivyo utasema kipato kimepunguza dona wakati sehemu ya hilo pengo ni sahani moja iliyoondoka mezani. Kwa hiyo gawa kila kitu kwa idadi ya walaji, dona ilikuwa kilo 6 kwa kichwa ikawa 4.8, imeshuka asilimia 20.

```
(24/5 - 36/6) / (36/6) = -0.20
```

Hatua ya 3: Safisha kipato
Kilitoka 420,000 kwa mwezi kikafika 567,000. Usichukue hivyohivyo, bei nazo zimepanda. Sisi tulichukua manunuzi ya Februari ya zamani yaliyogharimu 200,000, tukayapigia bei za mwaka huu yakaja 216,000, yaani asilimia 8 juu. Kwa hiyo 567,000 gawa kwa 1.08 unapata 525,000, gawa kwa watu 5 ni 105,000. Zamani 420,000 kwa watu 6 ni 70,000. Kipato halisi kwa kichwa kimepanda asilimia 50.

Hatua ya 4: Gawa
Badiliko la kilo gawa kwa badiliko la kipato. Dona ni -20 kwa 50, yaani -0.4, alama ya kutoa maana yake duni. Sukari ilitoka kilo 1 kwa kichwa ikawa 1.2, hiyo ni 0.4, ya kawaida lakini ni ya lazima, inapanda polepole kuliko kipato. Mchele ulitoka kilo 1.5 ukawa 2.4, asilimia 60, jibu 1.2. Ikizidi 1 ujue wanauongeza kwa kasi kuliko kipato chenyewe, wali umetoka kuwa wa Jumapili umekuwa wa katikati ya wiki. Ndipo dona lilipokwenda.

Hatua ya 5: Angalia bei kabla hujatangaza
Dagaa nao walishuka, kwa kichwa kutoka nusu kilo hadi 0.4, hesabu inatoa -0.4 ileile ya dona. Binti akataka kuwaandika duni. Nikamwambia fungua bei: dagaa walitoka 10,000 kwa kilo wakafika 14,000. Hapo huwezi kujua kama dada kawaacha kwa sababu ana hela ya nyama au kwa sababu wamekuwa ghali, mambo mawili yamechanganyika kwenye namba moja. Tuliwaandika "haijulikani", na hilo ni jibu halali kabisa, mwalimu akikataa mtetee. Dona kwake bei ilikuwa karibu ileile na mchele ulipanda kidogo, yaani mchele umeongezeka japo bei inasukuma kinyume, kwa hiyo hizo mbili nazisimamia bila wasiwasi.

Cha mwisho, pembeni ya kila jibu andika kiwango cha kipato. Dona ni duni kwa kaya ya dada inayotoka 70,000 kwenda 105,000 kwa kichwa, basi, usiseme kwa Dodoma nzima. Kwa kaya iliyokuwa inabangaiza na kulala na uji, hela ikiongezeka kidogo dona inapanda kwanza, hapo ni ya kawaida. Na ukienda juu zaidi kuna watu wa maofisini wanaoambiwa na daktari wapunguze sembe, wananunua dona la pakiti kwa bei inayozidi ya mashineni. Binti alitaka kuifuta hiyo sentensi ya kiwango ili ripoti ionekane imenyooka, nikamkatalia.