Somo: Namna ya kuandika profaili ya dalali wa viwanja Arusha, maeneo, mauzo na uaminifu, bila kumpa mteja ahadi hewa

Wadau habari za jioni. Wiki iliyopita dogo mmoja anayefanya udalali hapa mjini alinitumia profaili yake ya Insta nimwangalizie. Kaandika hivi: "Dalali namba moja Arusha na Moshi. Mauzo milioni 294. Viwanja vyote havina mgogoro 100%. Hati ndani ya mwezi." Nikamwambia njoo na daftari lako. Tukakaa kwenye meza ya mama ntilie kama saa mbili tukiipitia mstari kwa mstari, na kiukweli dogo ni mchapakazi, kauza vizuri tu, ila profaili yake ilikuwa inamfanya aonekane tapeli. Hivi ndivyo tulivyoirekebisha.

Hatua ya 1, maeneo. Futa "Arusha na Moshi". Nilimuuliza maswali matatu kwa kila eneo: unaweza kufika bila kuuliza njia? Unajua kiwanja cha mwisho kuuzwa pale kilienda kwa bei gani? Unajua masika maji yanapita wapi? Yalibaki maeneo matatu tu, Moshono, Olasiti na Muriet. Moshi alishaenda mara mbili, msibani. Usa River alikuwa na kiwanja kimoja cha kuuza lakini hajui hata maji ya kule yakoje, na ukanda huu wa Meru visima vingi vina floraidi nyingi, mteja anayetaka kujenga lazima akuulize.

Na andika eneo liko halmashauri gani, maana watu wanasema Arusha halafu wanamaanisha vitu vitatu tofauti. Moshono, Olasiti na Muriet ni Jiji. Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Arusha, Usa River na Tengeru ni Meru. Mteja akijua hilo anajua ofisi ya ardhi ya kwenda kuulizia, na kama ni ardhi ya kijiji anajua kuna halmashauri ya kijiji ya kupitia, sio mwenyekiti peke yake.

Umbali andika kwa kilomita toka lami. "Dakika 5 toka uwanja wa AFCON" ni dakika 5 za nini, boda au miguu? Olmoti sasa hivi kila kiwanja kipo dakika 5 toka uwanjani, hata kile cha kule bondeni.

Hatua ya 2, mauzo, na hapa ndipo tulipokaa sana. Milioni 294 haikuwa uongo. Kuanzia Januari 2024 mpaka Desemba 2025 daftari lina mauzo 11. Viwanja 9 kwa milioni 8, 9, 9.5, 11, 12, 12, 14, 15 na 18.5, jumla milioni 109. Nyumba 2, moja milioni 65 na nyingine milioni 120, jumla 185. Jumlisha unapata 294 kweli.

Sasa tatizo liko wapi. Kwanza mteja mwenye milioni 10 akisoma 294 anaona huyu ni dalali wa matajiri, anapita. Pili ukigawa kwa 11 unapata karibu milioni 26.7 kwa kila mauzo, na dogo hajawahi kuuza kitu cha bei hiyo hata siku moja, nyumba mbili ndio zimevuta wastani juu. Tatu, ile nyumba ya 120 walikuwa madalali wawili, yeye alileta mnunuzi, mwenzake alikuwa na muuzaji, na mwenzake nae kaiandika kwenye profaili yake. Nyumba moja imeuzwa mara moja lakini mtaani inahesabika mara mbili.

Kwa hiyo tuliandika idadi kwanza, kipindi, aina, halafu bei ya chini na ya juu, na ile ya katikati. Ukizipanga bei za viwanja toka ndogo kwenda kubwa, ya tano ni milioni 12, hiyo ndio inamwambia mteja ukweli kuliko wastani. Za kushirikiana zitaje. Za kupangisha weka pembeni kabisa, kupangisha chumba na kuuza kiwanja sio kazi moja.

Hatua ya 3, uaminifu. "Haina mgogoro 100%" hakuna dalali anayeweza kulijua hilo. Andika ulichofanya. Kama kiwanja kina hati, sema unafanya upekuzi kwa msajili wa hati na unampa mteja tarehe ya majibu, maana upekuzi unaonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio kwa siku ile tu, wiki mbili baadae mtu anaweza kuwa ameweka zuio. Kama hakina hati, upekuzi hautakusaidia, hapo unahesabu bikoni kama zipo, unaongea na majirani wa pande zote nne, unaenda ofisi ya mtaa. Na useme wazi kwamba muhuri wa mwenyekiti unashuhudia mauziano, sio hati. "Hati ndani ya mwezi" tuliifuta kwa sababu anayetoa hati sio dogo.

Insta inakupa herufi 150 tu, hivyo juu weka maeneo na namba ya simu, haya mengine yaweke kwenye posti uliyoipini. Ilitoka hivi:

"Nauza viwanja Moshono, Olasiti na Muriet (Jiji la Arusha). 2024 na 2025: viwanja 9, milioni 8 hadi 18.5, bei ya katikati milioni 12. Nyumba 2, moja nilishirikiana na dalali mwenzangu nikiwa upande wa mnunuzi. Chenye hati nafanya upekuzi na nakupa tarehe. Kisicho na hati nakwambia kabla hatujaenda site. Kamisheni tunaandikiana mapema. Siahidi muda wa hati wala bei kupanda."

Maswali ya wadau

Mbona bei za nyumba hujaweka wakati za viwanja umeweka?
Umeona vizuri. Nyumba zikiwa mbili tu, mtaa mzima utajua nani kauza kwa ngapi. Mimi mwenyewe niliwahi kuposti nyumba niliyouza na bei yake, kesho yake yule mama aliyeuza akanipigia analia, shemeji zake wamejaa sebuleni wanataka mgao. Sitarudia. Na picha ya mteja akishika hati usiposti bila ruhusa yake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kaka mi naanza, sijauza hata kimoja, niandike nini?
Andika ulichofanya. Umepangisha vyumba 7, andika 7 na mwaka. Unatembea na dalali mkubwa, andika unafanya nae kazi, akikubali. Mauzo yake usiyafanye yako, mteja akikuuliza kiwanja kiko mtaa gani utababaika palepale.

Wanaoandika "namba moja" ndio wanaopigiwa simu, sisi wa ukweli tunalala njaa.
Simu watapata nyingi, sikatai. Dogo toka abadilishe simu zimepungua, ila wanaopiga wanataka Olasiti na wana milioni 10 mpaka 15, haendi tena Usa River bure kwa nauli yake.

Sisi wanunuzi tutajuaje hizo namba ni za kweli?
Muombe akuunganishe na watu wawili walionunua zaidi ya mwaka mmoja uliopita, sio wa mwezi jana, maana jirani mwenye ugomvi wa mpaka mara nyingi anajitokeza siku unamwaga mawe ya msingi. Atakuchagulia walioridhika, ni kawaida, kwa hiyo na ofisi ya mtaa pita peke yako uulize kama wanamfahamu na kama kuna kesi imeshaletwa kwa jina lake.