Jinsi ya kujaza maelezo binafsi kwenye fomu ya bursi, ukiwa wa kwanza kwenu kwenda chuo kikuu

Hapa Bukavu, mtoto wa Kabare, Walungu au Kalehe anapojaza fomu ya bursi hukwama kwenye kisanduku kimoja: maelezo binafsi, au barua ya motivasio kama wengi tunavyoiita. Majina na pointi unavinakili kutoka kwenye diploma. Hiki hakina cha kunakiliwa, na kama nyumbani hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, hakuna wa kumuuliza yeye alijaza nini.

Wengi hupeleka fomu kwa mtu wa sekretariati, pale wanapochapa barua kwa malipo. Yeye ana barua moja kwenye kompyuta yake na hubadilisha jina tu. Anayesoma maombi mia kwa siku moja huitambua barua hiyo kuanzia mstari wa kwanza. Mlipe akuchapie, lakini maneno yawe yako.

Hatua ya 1: Soma swali, pima nafasi

"Kwa nini umechagua masomo haya?" si swali moja na "Eleza tatizo ulilolishinda." Andika swali lenyewe juu ya karatasi yako, na kila baada ya aya lirudie uone kama bado unalijibu.

Kisha angalia kikomo. Kikiwa herufi 2000, kwa kawaida nafasi kati ya maneno nazo huhesabiwa, kwa hiyo una maneno kama 300 hivi, chini ya ukurasa mmoja. Toa nusu yake kwa jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako. Robo iende kwenye masomo unayoyaomba, na robo iliyobaki itoshe kueleza kwenu na unachotaka kufanya ukimaliza.

Hatua ya 2: Kusanya mambo nyumbani kabla ya kuandika

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayobeba barua nzima. Chukua daftari, kaa na mama au yeyote aliyekulea, muulize: nikiondoka hapa kesho, kazi gani itasimama? Nani ataandika madeni ya wateja? Nani atapeleka mihogo soko la Mudaka? Nani atamsindikiza bibi kituo cha afya na kumsomea karatasi ya dawa?

Kwa kila jibu andika vitu vitatu: tangu mwaka gani, kiasi gani, na nini kilibadilika kwa sababu yako. Mtoto wa shambani huyaacha haya kwa kudhani kwamba fomu inataka vilabu na semina. Sivyo. Msomaji anatafuta mtu aliyewahi kubebeshwa jukumu na hakulitupa. Kutunza daftari la mauzo miaka mitatu kwa ajili ya mzazi asiyejua kusoma ni jukumu kamili.

Hatua ya 3: Futa mwanzo wa mazoea

Mfano wa binti wa Katana anayeomba kusoma agronomi. Mara ya kwanza anaandika hivi:

"Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya ofisi yenu tukufu kuomba mnifadhili. Mimi ni mtoto wa tano katika familia maskini ya watoto tisa. Wazazi wangu ni wakulima wasiosoma. Tangu utotoni nina ndoto ya kuwa injinia wa kilimo ili kusaidia nchi yangu."

Hayo ni maneno 41, na hata moja halimtofautishi na jirani yake. Ile heshima ya mwanzo tumefundishwa shuleni kwa barua za kiofisi, na huko ina mahali pake. Kwenye kisanduku hiki inakula nafasi bure. Umaskini nao, ukisemwa hivi, ni hali aliyozaliwa nayo, hauonyeshi alichokifanya.

Hatua ya 4: Anza na jambo lenyewe

Binti huyo huyo, baada ya kukaa na mama yake na daftari:

"Mwaka 2021 migomba ya mama yangu huko Katana ilianza kunyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizikata, ndani zilikuwa kahawia. Kati ya mashina 60 tulipoteza 22. Mama hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika mauzo ya kasiksi. Nikaona tumeshuka kutoka bidoni 9 kwa mwezi hadi 4. Nilimfuata monitori wa kilimo. Alinionyesha kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Nilifanya hivyo kila Jumamosi kwa miezi saba. Mwaka uliofuata tulipoteza mashina 5. Kwa nini matano hayo yaliugua, bado sijui, na ndiyo sababu naomba agronomi."

Hakuna mahali aliposema ni mchapakazi au ana nidhamu. Jumamosi za miezi saba zimesema. Hakusema mama yake ni maskini, lakini bidoni zinaonekana zikipungua. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote: inaunganisha shamba na darasa kwa swali la kweli, ambalo mnyauko wa migomba umelizaa mbele ya macho yake.

Usinakili hesabu hizi. Ukiitwa kwenye mahojiano utaulizwa panga lilipitishwa motoni kwa nini, na aliyelishika mwenyewe atajibu kwamba ugonjwa huhamia shina jingine kupitia chuma chenye utomvu wa mgomba mgonjwa. Aliyenakili atanyamaza.

Hatua ya 5: Mwaka uliopotea na pointi zako

Kama ulikaa nyumbani mwaka mmoja, usiufiche, buletini zitauonyesha. Toa sababu, muda na kilichokurudisha, kwa sentensi mbili: "Mwaka wa masomo 2018-2019 sikusoma kwa kukosa minervali. Niliuza maharagwe, nikajilipia robo ya kwanza ya mwaka uliofuata." Ishia hapo. Ukiongeza lawama kwa baba mdogo aliyekataa kusaidia, msomaji atakumbuka ugomvi na kukusahau wewe.

Kuhusu pointi: kama fomu inasomwa nje ya Kongo, 64% huweza kuonekana ndogo. Sema kwamba katika mtihani wa Serikali kufaulu kunaanzia 50%, na ongeza nafasi uliyoshika darasani, kwa mfano wa 2 kati ya wanafunzi 38, ikiwa shule inaweza kuithibitisha kwa maandishi.

Hatua ya 6: Soma, kisha bandika

Msomee mama yako barua kwa lugha ya nyumbani. Akisema "hapana, ilikuwa mashina 50", rekebisha. Kisha mpe mwalimu aliyekufundisha lugha ya fomu asahihishe makosa ya kuandika tu. Akianza kupamba kwa maneno makubwa, yarudishe yako.

Usiandike moja kwa moja kwenye ukurasa wa fomu. Kurasa nyingi hujifunga zenyewe ukikaa muda mrefu, na umeme ukikatika kwenye sibe ya intaneti, unapoteza kila kitu. Andika kwenye simu, hesabu herufi, kisha nakili na ubandike. Baada ya kubandika, soma mstari wa mwisho: fomu nyingine hukata kilichozidi bila kukuonya, na barua yako inaweza kuishia katikati ya neno. Ikiwa imekatwa, punguza maelezo kuhusu familia kwanza, kabla ya kugusa Jumamosi zako.