Mstari na duara: unakata, unagusa au unapita mbali?

Juzi jioni hapa Ujiji nilikaa na binti wa jirani, yuko kidato cha tano, tukahangaika na swali hili: mstari y = 2x − 7 unakutana wapi na duara (x − 2)² + (y − 1)² = 5? Yeye alikuwa ameandika kwamba havikutani. Njia aliijua vizuri. Kilichomponza ni ile 5.

Hatua ya 1. Chora kwa mkono. Kitovu ni (2, 1), nusu kipenyo ni √5, yaani kama 2.24. Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Hatua ya 2. Palipo na y weka 2x − 7:

(x − 2)² + (2x − 8)² = 5

Hiyo 8 imetokana na −7 − 1. Ukiisahau ile −1 ya duara, utapata majibu mazuri kabisa ya swali lingine.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu wanapopotelea. Fungua mabano:

x² − 4x + 4 + 4x² − 32x + 64 = 5

Usiguse kibainishi, yaani b² − 4ac, kabla upande wa kulia haujabaki sifuri. Hamisha 5 kwanza:

5x² − 36x + 63 = 0

Binti alikusanya 4 na 64, akachukua c = 68 moja kwa moja. Akapata 1296 − 1360 = −64, hasi, akaandika "haukutani". Hesabu ya kutoa ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuona kosa hata aliporudia. Mchoro ndio uliomshtua, kwa sababu mstari ulipita waziwazi ndani ya duara. Kosa lingine la hapa ni kuandika (2x − 8)² kama 4x² + 64, ukaiacha −32x.

Hatua ya 4. Sasa b² − 4ac = 1296 − 1260 = 36. Ni chanya, kwa hiyo mstari unakata mara mbili: x = (36 ± 6)/10, yaani 3 na 4.2. Tafuta y kwa kutumia mstari, si duara, maana duara litakupa y mbili kwa kila x, na moja si yako. Tunapata (3, −1) na (4.2, 1.4). Rudisha (3, −1) kwenye duara: 1 + 4 = 5. Sawa.

Ukishusha mstari uwe y = 2x − 8, unapata 5x² − 40x + 80 = 0, na kibainishi ni 0: unagusa kwenye (4, 0) tu. Ukiwa y = 2x − 9, kibainishi ni −44: unapita mbali. Fanya kazi kwa namba kamili au sehemu. Ukikadiria kwa desimali, sifuri inaweza kutokea kama 0.003, ukadhani mstari unakata.

Mstari wa wima, kama x = 5, hauna y ya kubadilisha, basi ingiza x yenyewe: 9 + (y − 1)² = 5, yaani (y − 1)² = −4. Hakuna namba halisi ya namna hiyo, kwa hiyo umepita mbali.