Kamisheni yako haitoshi? Gawanya kwa 1.16 kwanza

Kwa wenzangu tunaouza friji na majiko hapa Malindi: kabla hujaenda kumuuliza mhasibu kwa nini kamisheni imepungua, chukua jumla ya risiti zako za mwezi uigawanye kwa 1.16. Bei ya dukani ina VAT ya asilimia 16 ndani yake, na hiyo ni pesa ya serikali, kwa hivyo maduka mengi huhesabu kamisheni baada ya kuitoa.

Tuseme umeuza 580,000. Ukigawanya unapata 500,000, na asilimia 3 yake ni 15,000, si 17,400 uliyoipiga kichwani. Hapo hapo utaona bonasi ilikokwenda: kama lengo ni 520,000 bila VAT, hukulifikia. Bonasi kwa kawaida haikatwi vipande kama kamisheni. Ukikosa lengo hata kwa kidogo, unaweza kukosa yote. Marupurupu, mfano 4,000 za nauli, hayaguswi na mauzo. Yakipungua, uliza siku ulizokosa kazini.

Hesabu hii haitakubali ikiwa duka halijasajiliwa kwa VAT, mkataba unasema kamisheni ni ya bei kamili, au mteja amerudisha mzigo. Tena angalia kama mnalipwa kwa mauzo au kwa pesa iliyoingia. Friji ya mkopo iliyouzwa mwezi huu huenda ikaonekana mteja akimaliza kulipa, basi iandike pembeni usije ukaisahau.